Kuitambua Kanka ya Michungwa: Doa Lililoinuka na Duara Lake la Manjano

Somo hili linahusu ugonjwa mmoja wa mimea ya jamii ya michungwa, yaani michungwa yenyewe, midimu, milimau, michenza na mibalungi. Ugonjwa huo huitwa kanka. Mlaji wa Dodoma na wa uwanda wa kati huweza kukutana nao mahali pawili. Kwanza ni sokoni, ambako machungwa mengi hufika kutoka mbali, hasa Muheza mkoani Tanga na milima ya Morogoro. Pili ni uani kwake, ambako mara nyingi upo mdimu mmoja au miwili iliyopandwa kutoka katika mche wa kununua.

Kanka si sumu. Tunda lenye madoa yake huliwa bila madhara, kwa kuwa bakteria wanaousababisha hawamdhuru mwanadamu, na kidonda hukaa katika ganda bila kufika kwenye nyama ya tunda. Hasara iko kwa mti: majani na matunda machanga hupukutika, matawi hukauka kuanzia ncha, na matunda yanayobaki hukosa soko. Hakuna dawa inayouponya mti uliokwisha kuambukizwa. Dawa za shaba hulinda majani machanga yasiambukizwe, lakini haziondoi ugonjwa uliokwisha kuingia. Kwa sababu hiyo kinga kubwa ni kuutambua mapema, kabla haujavuka ua na kuingia kwa jirani.

Jinsi doa linavyoanza

Bakteria wa kanka huishi ndani ya vidonda vya mti mgonjwa. Mvua inaponyesha, vidonda hulowa na bakteria hutoka pamoja na maji. Tone la mvua huwarusha kwenye jani la jirani, na upepo mkali huwasukuma mbali zaidi. Upepo unaozidi mwendo wa kilomita 30 kwa saa hivi huweza kuyasukuma maji yenye bakteria mpaka ndani ya vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia. Wakishaingia, huzifanya chembe za jani zivimbe na kuongezeka kupita kiasi, mpaka ngozi ya jani ipasuke. Ndiyo maana doa la kanka huinuka: ni uvimbe uliopasuka, wala si sehemu iliyooza.

Si kila jani huambukizwa kwa urahisi. Jani lililo hatarini ni lile changa ambalo bado linapanuka, katika wiki chache za mwanzo wa maisha yake. Jani likishakomaa na kuwa gumu, bakteria hawaliingii ila pale lilipojeruhiwa. Tunda nalo huwa hatarini zaidi katika miezi miwili au mitatu ya kwanza baada ya maua kudondoka.

Kwa Dodoma jambo hili lina maana yake. Mvua hunyesha katika msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, na mvua hizo za kwanza ndizo huamsha machipukizi. Majani machanga, joto la wastani na mvua yenye upepo hukutana wakati mmoja. Kipindi cha kuukagua mti kwa makini, basi, ni wiki za Januari na Februari, machipukizi ya kwanza yanapokuwa yamefunguka. Katika miezi ya kiangazi ugonjwa hutulia, lakini haufi, kwani bakteria huendelea kuishi ndani ya vidonda vya vijiti. Anayemwagilia kwa kurusha maji juu ya majani hutengeneza mvua ndogo ya bandia, na hivyo huweza kuueneza hata katika miezi isiyo na mvua.

Kulisoma jani: mambo matatu kwa mpangilio

Chagua jani lenye doa, ulitazame likiwa bado mtini na likiwa kavu. Fuata mpangilio huu, kwa sababu dalili inayoonekana kwanza kwa macho ndiyo inayodanganya kuliko zote.

La kwanza ni kupapasa. Pitisha ncha ya kidole juu ya doa. Doa la kanka huhisika kama chunusi iliyokauka: limeinuka, lina mkwaruzo, na ni jepesi na kavu kama kizibo cha chupa kilichokatwa. Katikati yake huwa na shimo dogo lenye kingo zilizopasuka, mfano wa mdomo wa volkano. Kipenyo chake kwa kawaida ni kati ya milimita 2 na 10.

La pili ni kuligeuza jani. Hapa ndipo penye uzito mkubwa. Doa la kanka hupenya jani zima, kwa hiyo huinuka juu na chini mahali pale pale. Mara nyingi huanza upande wa chini kama kitone kidogo kama ncha ya sindano, kisha upande wa juu nao hufuata. Ukishika jani kati ya kidole gumba na cha shahada, utahisi kinundu pande zote mbili.

La tatu ni kulielekeza jani kwenye mwanga. Kuzunguka doa utaona ukingo mwembamba unaong'aa kana kwamba umepakwa mafuta au umelowa maji. Nje ya ukingo huo ndipo lilipo duara la manjano, ambalo mwanga wa jua hulionyesha wazi zaidi. Duara hilo huonekana vizuri kwa jani changa, na hufifia jani linapozeeka.

Mambo hayo matatu yakikutana katika doa moja, yaani kinundu chenye mkwaruzo, kuinuka pande zote mbili, na ukingo wa mafuta wenye duara la manjano, kuna sababu nzuri ya kushuku kanka. Likipatikana duara la manjano peke yake, bado hujapata sababu ya kutosha.

Kulisoma tunda na kijiti

Kwenye tunda, doa huwa na umbile lile lile la gamba kavu lililopasuka katikati. Madoa huweza kutawanyika moja moja au kuungana yakawa pele moja pana. Duara la manjano huonekana tunda likiwa bichi na la kijani, lakini linapoiva na kugeuka rangi, duara hilo humezwa na rangi ya ganda. Anayekagua limau la manjano akitafuta duara la manjano hataliona, naye huweza kulipitisha tunda gonjwa akidhani ni zima. Machungwa ya nyanda za joto kama Muheza husaidia kidogo hapa, kwa kuwa mengi huiva huku ganda lingali la kijani. Kwa limau, chungwa au chenza lililogeuka rangi, tegemea kidole kuliko jicho.

Kwenye kijiti kichanga, vidonda huwa vinundu vya rangi ya kahawia vyenye magamba, na aghalabu havina duara lolote. Dalili hii ina thamani katika kiangazi. Majani magonjwa huwa yamekwisha kudondoka na mti huonekana umepona, lakini vijiti hubaki vikiwa kumbukumbu ya ugonjwa na ghala la bakteria wa msimu ujao.

Aina za miti pia hutofautiana. Mdimu wenye ndimu ndogo, mlimau na mbalungi huugua sana. Mchungwa huugua kwa kiasi cha kati. Mchenza hustahimili zaidi. Ikiwa uani kuna mdimu na mchenza vikikaribiana, anza ukaguzi kwa mdimu.

Madoa yanayofanana na kanka

Mkaguzi mwangalifu hujifunza pia yale yasiyo kanka, kwa maana kosa la kung'oa mti mzima wenye madoa mengine ni hasara kama lilivyo kosa la kuuacha mgonjwa.

Ugonjwa unaodanganya zaidi ni ule wa madoa ya kuvu ujulikanao katika nyanda za juu zenye baridi na unyevu za Afrika Mashariki. Nao una duara la manjano, tena pana na la kupendeza macho kuliko la kanka. Tofauti iko kwenye kidole: doa lake katika jani ni bapa, lina katikati ya kijivu au kahawia hafifu na mzingo wa kahawia iliyoiva, na wakati wa mvua upande wa chini huweza kuwa na weusi kama masizi. Kwenye tunda changa doa la kuvu huyo huweza kuinuka kidogo, kwa hiyo tunda peke yake halitoshi kutoa hukumu. Rudi kwenye jani.

Ukurutu wa michungwa ni kuvu mwingine, apendaye sana milimau na midanzi. Hutoa vinundu vyenye magamba ambavyo kwa kidole huweza kufanana na kanka. Ligeuze jani: kwa kawaida ukurutu huinuka upande mmoja, na upande wa pili huwa na kibonyeo. Jani hupindapinda, na hakuna ukingo wa mafuta wala duara la manjano lililo wazi.

Wadudu magamba hujishikiza kwenye tunda na jani kama vitone vya kahawia. Vikwangue kwa ukucha. Mdudu hubanduka na ngozi iliyo chini yake huwa laini, ilhali doa la kanka ni sehemu ya ganda lenyewe, halibanduki bila kuacha jeraha. Michubuko ya upepo, iliyo ya kawaida sana katika nchi yenye pepo kama Dodoma, huwa mabaka ya kijivu yasiyo na umbo maalumu, laini, yasiyo na duara.

Mwisho ni kiwavi mchimba majani, ambaye huacha njia nyembamba za rangi ya fedha zinazojipinda ndani ya jani changa. Njia hizo si kanka, lakini ni majeraha, na bakteria hupenda kuingilia humo. Ukiona vinundu vimejipanga kwa kufuata mstari wa njia ya kiwavi, usiseme kwamba ni kazi ya kiwavi tu. Chunguza vinundu vyenyewe kwa zile hatua tatu.

Mfano: mdimu wa uani

Tuchukue mfano wa mdimu wa miaka minne katika ua wa nyumba ya kata kama Ipagala, jijini Dodoma. Mwanzoni mwa Desemba mvua ya kwanza inanyesha na mti unachipua. Wiki mbili baadaye jirani analeta mche wa mlimau alioununua kando ya barabara na kuupanda mita tatu kutoka ukutani. Katikati ya Desemba inanyesha mvua ya upepo. Katika wiki ya kwanza ya Januari mwenye mdimu anaona vitone vya manjano kwenye majani machache ya upande unaoelekea kwa jirani.

Anapapasa, na anahisi vinundu vidogo. Anageuza jani, na upande wa chini navyo vipo, tena vikubwa zaidi. Anaelekeza jani kwenye jua la asubuhi, na anaona ukingo uliolowa wenye duara la manjano. Anachunguza majani yaliyokomaa ya mwaka uliopita, nayo ni safi. Hapo anapata fununu ya nyongeza: ugonjwa umeingia msimu huu, na majani yaliyokuwa magumu wakati wa mvua ile hayakuambukizwa. Muda nao unalingana, kwa kuwa katika hali ya joto dalili huanza kuonekana wiki moja au mbili baada ya maambukizo.

Kisha, kwa ridhaa ya jirani, anautazama mche wa mlimau. Majani yake ya chini, yaliyo ya zamani kuliko mvua hiyo, yana vinundu vikubwa vilivyopasuka, na kijiti chake kina magamba. Vidonda vya mche ni vikuukuu, vya mdimu ni vichanga. Kwa mpangilio huo wa umri wa vidonda, mche ndio wa kushukiwa kuwa chanzo. Laiti majani yale ya chini yangalipapaswa pale pale ulipouzwa, mche usingalinunuliwa.

Lakini mwenye mdimu bado hana uhakika kamili, na hapa ndipo kikomo cha jicho na kidole. Uthibitisho hutolewa na maabara tu. Kazi ya mlaji ni kushuku kwa sababu nzuri na kutoa taarifa kwa wakati.

Ukishuku, fanya hivi

1. Usikate wala usibebe. Usipeleke tawi sokoni au ofisini kuuliza, kwa maana huko utaupeleka ugonjwa. Piga picha ya jani juu na chini, ukiweka sarafu kando yake kuonyesha ukubwa.

2. Mwite afisa kilimo wa kata au kijiji aje kuutazama mti mahali ulipo. Yeye ndiye kiungo chako na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 na yenye wataalamu wa kuchukua sampuli na kuelekeza hatua inayofuata.

3. Usiushughulikie mti ukiwa umelowa kwa mvua au umande. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mti mwingine. Kisu au mkasi uliogusa mti huo uoshwe, kisha uloweshwe kwenye mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia na sehemu tisa za maji.

4. Mwagilia shinani, si juu ya majani, na usitoe vikonyo wala miche kutoka katika mti huo.

Unaponunua

Kwa tunda la kula, hakuna sababu ya hofu. Osha, menya, kula. Maganda yenye pele yafukiwe, yasitupwe chini ya mdimu. Hatari ya ganda kuanzisha ugonjwa ni ndogo, lakini kufukia hakugharimu kitu.

Mche ndio unaostahili ukali wa mnunuzi, kwa sababu ni mti mzima ulio hai unaosafiri na vidonda vyake. Nunua kitaluni panapojulikana, uliza mche ulizalishwa wapi, kisha papasa majani matano ya chini, yageuze, na kagua kijiti. Mche usio na jani hata moja, ukielezwa kwamba yamepukutishwa ili usafirishwe vizuri, usiukubali bila kukagua magamba ya kijiti. Ukishaufikisha nyumbani, utenge mbali na midimu mingine mpaka uchipue majani mapya nawe uyaone ni safi.

Tahadhari hii haitokani na dhana. Kanka imekwisha kuthibitishwa Somalia na Ethiopia, na katika visiwa vya Bahari ya Hindi kama Komoro na Ushelisheli. Huko Florida nchini Marekani, serikali ilifikia kuamuru kila mti wa jamii hii ulio ndani ya takribani mita 580 kutoka mti mgonjwa ukatwe, hata ukiwa mzima. Mamilioni ya miti ikakatwa, ikiwamo ya uani. Vimbunga vya mwaka 2004 na 2005 viliueneza ugonjwa kiasi kwamba mpango huo uliachwa mwaka 2006. Kinyume chake, ugonjwa ulipozuka Emerald katika jimbo la Queensland nchini Australia mwaka 2004, ulidhibitiwa ukiwa bado katika eneo dogo, na miaka mitano baadaye ulitangazwa kuwa umetokomezwa.

Maswali ya kujipima

*Limau la manjano lina pele kavu zilizopasuka, bila duara la manjano. Je, si kanka?* Haijulikani. Duara humezwa na rangi ya tunda lililoiva. Tafuta jani la mti huo.

*Jani lina doa lenye duara pana la manjano, lakini kidole hakihisi kitu.* Yaelekea ni madoa ya kuvu. Kanka huinuka.

*Kinundu kipo juu ya jani, na chini kuna kibonyeo.* Yaelekea ni ukurutu. Kanka huinuka pande zote mbili.

*Ni mwezi wa Septemba, mti hauna jani lenye doa, lakini vijiti vina vinundu vyenye magamba.* Shuku, na umwite afisa kilimo kabla mvua hazijaanza.